Barua ya Karani wa Usiku kwa Karani wa Asubuhi

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya makarani, manesi na wanakamati wa vituo vya afya waliokutana kwa semina ya siku moja. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Mada tuliyopewa ni ya karatasi ile ambayo karani wa usiku humwachia karani wa asubuhi. Wengine mnaiita ripoti, wengine mnaiita noti. Kwetu twaiita barua, kwa sababu mwandishi huwa amekwenda kulala wakati msomaji anapoisoma, na hakuna wa kumuuliza. Tumeonelea tusiwape nadharia. Tutawasomea barua moja iliyoandikwa na mmoja wetu mwaka jana, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, tarehe 11. Ilikuwa na mistari minne tu:

"Mtoto wa mbwa aje saa 2. Barua. Simu bado.
Mama wa jana, karatasi.
Mzee wa makohozi anauliza.
Yule wa SHA kesho."

Naam, tunawasikia mkicheka huo mstari wa kwanza. Hata karani wa asubuhi alicheka. Alidhani kuna mtu ameleta kitoto cha mbwa, au mwenzake amemtukana mtu akiwa na usingizi. Sasa sikilizeni habari yenyewe.

Saa tatu usiku ile Jumanne alifika mama na mtoto wa miaka saba. Mtoto aliumwa kwenye ndama ya mguu na mbwa asiye na mwenyewe, kando ya soko, jua likizama. Nesi alifanya lililo la kwanza, aliosha kidonda kwa sabuni na maji ya mfereji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, saa ikiwa mezani. Jambo hilo linaonekana dogo lakini si dogo, kwa maana virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwa mate ya mbwa, na kuosha hupunguza vile vilivyobaki kidondani. Lakini kuosha peke yake hakutoshi. Lazima chanjo ifuate mapema, kwa sababu ugonjwa wenyewe ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua, na hakuna tiba ya kutegemea.

Katika friji yetu chanjo hiyo haikuwako. Hospitali ya kaunti ndogo huwa nayo, lakini si siku zote. Basi mama aliomba mambo mawili dirishani. Kwanza, barua ya rufaa. Pili, tumpigie simu mtu wa hospitali kuuliza kama chanjo ipo, maana nauli aliyokuwa nayo ilikuwa ya safari moja tu. Klinikal ofisa alikuwa ndani na mama aliyekuwa akijifungua kwa shida, hivyo barua haikuandikwa. Simu ya hospitali ilipigwa mara mbili haikushikwa. Ilipofika saa tano usiku, mama akasema atalala kwa dada yake karibu na soko, atarudi saa mbili asubuhi. Karani akaandika mstari ule mliousikia.

Karani wa asubuhi alikuwa ametoka kwenye kituo ambacho rejista zote hujazwa kwa saa za kizungu. Alipoona "saa 2" akasoma saa mbili ya kizungu, yaani saa nane mchana. Kwa hiyo hakumngoja mtu asubuhi. Mama alipofika saa mbili yetu, kama alivyoahidi, aliambiwa akae kwenye foleni kama wengine. Alikaa. Akina mama wetu mnawajua, akiambiwa kaa na mtu aliye nyuma ya dirisha, atakaa. Saa nne na zaidi nesi mmoja akapita, akaona bendeji mguuni, akauliza. Barua ikaandikwa ikakamilika saa tano. Hospitalini wakafika saa saba mchana. Huko wakaambiwa chanjo chache zilizokuwako zimekwisha asubuhi ile ile.

Hatusemi kwamba simu ingemwekea chanjo. Pengine isingewekwa. Lakini simu ya saa mbili na nusu ingalimwambia mama aende hospitali mara moja, au aende moja kwa moja duka la dawa la mjini ambako hatimaye ilipatikana, na angalitafuta pesa mapema badala ya kuzunguka mchana kutwa. Mtoto alichomwa sindano ya kwanza saa kumi na mbili jioni, yapata saa 21 tangu mama alipofika dirishani petu. Mtoto yu mzima, alimaliza sindano zake zote. Lakini zile saa ziliotelea kwenye karatasi yetu, na tunajua hivyo.

Basi tulikaa chini tukauliza, mstari ule ulikosa nini? Mwandishi hakuwa mvivu. Alikumbuka mambo yote matatu, mtoto, barua na simu. Kosa ni kwamba aliandika kama mtu anayejikumbusha mwenyewe. Kwake "mtoto wa mbwa" alikuwa na sura, na "saa 2" ilikuwa na sauti ya yule mama. Kwa msomaji hakuna sura wala sauti. Tuliuandika upya hivi, na ndivyo tunavyoandika mpaka leo:

"Kadi 0417. Mtoto aliyeumwa na mbwa Jumanne tarehe 10 jioni. Mama ameomba: barua ya rufaa, na kuulizwa kwa simu kama hospitali ina chanjo. Limefanyika: kidonda kimeoshwa, simu imepigwa saa 3.40 na saa 4.30 usiku, haikushikwa. Limebaki: klinikal ofisa aandike barua, simu ipigwe tena saa 2 asubuhi (0800). Mama atarudi LEO Jumatano tarehe 11, saa 2 asubuhi (0800). Asikae foleni. Nesi wa zamu ameambiwa."

Ni maneno mengi kuliko yale ya kwanza, lakini huandikwa kwa dakika tatu. Hebu tazameni mpango wake. Ni nani, kwa namba ya kadi. Ameomba nini, kwa maneno yake mwenyewe na si kwa maneno yetu. Tumefanya nini, pamoja na lile tulilojaribu likashindikana, kwa sababu karani wa asubuhi akijua namba ile haikushikwa usiku atatafuta namba nyingine. Nini kimebaki, na ni kazi ya nani. Atarudi lini. Na mwisho, ni mtu gani mwingine anayejua. Hilo la mwisho tulilipuuza zamani. Siku hizi kila ombi lisiloweza kungoja foleni lazima liwe na mtu wa pili anayelijua, nesi au klinikal ofisa, ili karatasi ikipotea mtu abaki.

Sasa hizo saa. Sisi Waswahili tuna saa zetu, na simu tulizo nazo mfukoni zina saa nyingine. Kwa mdomo hatukosani, kwa kuwa mtu husema saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Lakini karani akiwa na haraka huandika tarakimu tupu. "Saa 2" yaweza kuwa 0800, yaweza kuwa 2000, na kwa aliyezoea saa za kizungu ni 1400 au 0200. Tarakimu moja, nyakati nne! Ndiyo maana tunaandika zote mbili, saa yetu pamoja na kipindi chake, kisha ile ya tarakimu nne. Mzee mmoja wa kamati alituuliza kwa nini tusichague moja tukaachana na nyingine. Tulijaribu mwezi mzima. Wagonjwa huahidi kwa saa ya Kiswahili, rejista hutaka ile nyingine, na karani akilazimika kugeuza kichwani saa kumi za usiku, hukosea. Afadhali aandike mbili.

Neno baya kuliko saa ni "kesho". Mstari wa nne wa barua ile ulisema "Yule wa SHA kesho." Uliandikwa saa kumi za usiku, Jumatano ikiwa imeshaingia. Mwandishi alikuwa hajalala, kwa hiyo kwake bado ilikuwa Jumanne, na "kesho" yake ni Jumatano kukipambazuka. Msomaji aliamka Jumatano, akanawa uso, akasoma "kesho", akaelewa Alhamisi. Nani amekosea? Hakuna. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekuja usiku mtandao umekatika, akashindwa kuthibitishwa katika mfumo wa SHA, ile mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Akaacha pesa kidogo kwa ahadi kwamba mtandao ukirudi jambo lake litatazamwa. Alikuja Jumatano, akaambiwa karatasi inasema kesho. Akarudi Alhamisi na boda boda, pesa nyingine hizo. Wala jina lake halikuandikwa, wala kadi, ni "yule" tu.

Kuna na lingine. Mmoja wa wenzetu alilelewa pwani, na huko wazee huhesabu usiku pamoja na mchana unaoufuata. Akisema usiku wa Jumatano, anamaanisha ule usiku ambao sisi wa bara twauita Jumanne usiku. Tulifanya naye kazi miezi mingi kabla ya kugundua hivyo! Kwa hiyo katika daftari letu maneno leo, jana, kesho na kesho kutwa hayaruhusiwi kusimama peke yake. Lazima yaandamane na siku na tarehe. Na juu ya kila ukurasa tunaandika, "Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 11," ambayo haina njia mbili za kueleweka.

Mstari wa pili, "Mama wa jana, karatasi," ulitupa somo kama hilo kwa njia nyingine. Huyu ndiye yule mama aliyekuwa akijifungua. Alijifungua salama saa sita na nusu usiku. Alitaka kwenda nyumbani asubuhi na ile karatasi ya taarifa ya uzazi, ambayo ndiyo hupelekwa kutafutia cheti cha kuzaliwa. Kwa sheria ya Kenya uzazi wapaswa kusajiliwa ndani ya miezi 6, la sivyo unakuwa usajili wa kuchelewa wenye ada na maswali zaidi. Na mama akishafika kwake mbali, kurudi kwa ajili ya karatasi si rahisi.

Karani wa asubuhi aliona "wa jana", akataka kujaza tarehe 10. Lakini mtoto alizaliwa saa sita na nusu usiku, na kwa serikali siku hubadilika saa sita kamili. Mtoto huyo ni wa tarehe 11. Katika mazungumzo yetu ya kawaida mtu aliyezaliwa usiku ule tungesema amezaliwa Jumanne usiku, na hakuna ubaya. Kwenye cheti ni kosa litakalomfuata shuleni, kwenye kitambulisho, hadi atakapotafuta pasipoti. Bahati nzuri nesi wa wodi alikuja na rejista ya uzazi ikiwa na saa 0030 na tarehe yake. Tangu hapo tumekubaliana kwamba fomu ya uzazi haijazwi kamwe kutoka kwenye barua ya karani. Barua husema tu, "Kadi 0409, taarifa ya uzazi haijaandikwa, soma saa na tarehe kwenye rejista ya wodi, majina ya wazazi yanakiliwe kutoka vitambulisho, si kwa kusikia, mama anaondoka leo Jumatano tarehe 11 kabla ya saa 4 asubuhi (1000)." Ile ya majina tumeiongeza kwa sababu sikio la karani ni la kabila lake. Jina lenye r litaandikwa kwa l, na lenye ch litakuwa sh, na mwenye jina hatajua mpaka cheti kitoke.

Kuhusu mzee wa makohozi tutasema jambo moja. Mstari ule ulilala dirishani, mahali ambapo kila anayeinama kuuliza aliweza kuusoma. Majirani wakasoma kwamba kuna mzee amepimwa makohozi, na mtaani ugonjwa ulishapewa jina kabla maabara haijasema. Karani hana haja ya kuandika ugonjwa wala kipimo. Yamtosha kuandika, "Kadi 0365 anauliza majibu ya maabara, sampuli imetumwa hospitali, simu iliyo kwenye kadi ni ya mjukuu, ameomba apigiwe mkewe, namba iko ndani ya kadi." Nchi yetu ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Barua siku hizi hukaa ndani ya daftari, daftari ndani ya droo, ufunguo na nesi wa zamu. Na tafadhalini sana, msiipige picha mkatumiana kwa simu. Tumeona ikifanyika, tena kwa nia njema, karani akiwa amechelewa matatu.

Hapo mtauliza, je, kama haraka yenyewe ni kwa sababu ya ugonjwa? Zipo dawa ambazo hazifai kungoja. Kwa mfano, ile ya kukinga virusi vya UKIMWI baada ya mtu kubakwa au kuchomwa na sindano iliyotumika huanza mapema iwezekanavyo, na haipiti saa 72. Mtu wa namna hiyo akija usiku hupelekwa kwa nesi saa ile ile, si jambo la kuachia asubuhi. Lakini pengine amepewa za kuanzia, na zilizobaki zichukuliwe mchana. Basi karani anaandika mwisho wa muda bila sababu: "Kadi 0288 aende moja kwa moja chumba namba 3, asiulizwe kitu dirishani, kabla ya Jumatano tarehe 11 saa 6 mchana (1200)." Karani wa asubuhi hajui kwa nini, wala hahitaji kujua. Nesi wa chumba namba 3 anajua.

Tumalizie na makabidhiano yenyewe. Asubuhi ile ya tarehe 11 makarani wawili hawakuonana. Wa usiku alitoka saa kumi na mbili na nusu kuwahi matatu ya kwanza, karatasi akampa askari wa geti. Wa asubuhi alifika saa mbili, foleni ikiwa imeshafika mlangoni. Siku hizi zamu hizo zinapandana kwa robo saa. Wa usiku husoma mstari kwa sauti, wa asubuhi huurudia kwa maneno yake mwenyewe. Haya marudio mwanzoni yalionekana kama ya darasa la pili, watu wakaona haya. Lakini ndipo makosa hujitokeza. Mwenzetu mmoja alisoma, "atarudi siku ya tatu kwa sindano," wa pili akarudia, "yaani Ijumaa." Hapana! Mtoto yule wa kadi 0417 alichomwa ya kwanza Jumatano tarehe 11, na katika hesabu ya chanjo hiyo siku ya kwanza huitwa sifuri. Siku ya 3 ni Jumamosi tarehe 14, ya 7 ni Jumatano tarehe 18, ya 14 ni Jumatano tarehe 25, na ya mwisho wiki mbili baada ya hapo. Sisi kwa desturi huanza kuhesabu na moja, ndiyo maana alipata Ijumaa. Sasa tunaandika tarehe, hatuandiki siku ya ngapi.

Ikiwa karani wa asubuhi amechelewa, na hutokea, mvua ikinyesha barabara yetu haipitiki, wa usiku humsomea nesi anayeingia, naye anatia sahihi. Haachi barua kwa askari. Kila mstari una nafasi pembeni ya kuandikwa umekamilishwa na nani na saa ngapi. Ambao haujakamilika hadi jioni unanakiliwa ukurasa mpya, pamoja na tarehe yake ya kwanza, ili ionekane umeanza lini.

Jana jioni kabla ya kuja hapa tulifungua daftari. Mistari tisa, minane imefungwa. Mmoja umenakiliwa mara nne, ni wa mama anayetafuta kadi ya chanjo ya mtoto iliyoloa mafuriko, na rejista ya kale ambamo namba yake imo haijaonekana kwenye stoo. Karani wa zamu ya leo ataingia tena stoo saa 8 mchana (1400), na mama ameshaambiwa asije mpaka apigiwe simu.